Shali, visanduku na mikanda: nani huvaa nini katika sala ya asubuhi ya Wayahudi

Ukiingia katika sinagogi ya Wayahudi wa Kiashkenazi, yaani wale wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, siku ya Jumatatu asubuhi, mavazi ya wanaosali yatakuchanganya. Mzee mmoja amejitanda shali kubwa nyeupe yenye michirizi myeusi, na kichwani pake, juu kidogo ya mahali nywele zinapoanzia, kuna kisanduku cheusi cha ngozi. Kisanduku kingine kimekaa kwenye msuli wa mkono wake wa kushoto, na mkanda mweusi umeuzunguka mkono huo hadi kidoleni. Karibu naye kijana wa miaka 25 amevaa visanduku vilevile na mikanda ileile, lakini shali hana. Rudi hapo Jumamosi: shali zimejaa ukumbi mzima na visanduku havionekani hata kimoja. Nenda sinagogi ya Wasefaradi, wale ambao mababu zao walitoka Hispania na wengi wakaishi nchi za Kiarabu na Uturuki, nako utamkuta mtoto wa miaka kumi amejifunika shali kama babu yake.

Hakuna aliyekosea. Kila mmoja anafuata amri zilezile mbili za Torati, ila zimepita katika mikono tofauti ya wanazuoni na katika desturi za miji tofauti. Shali huitwa taliti. Visanduku huitwa tefilini, na wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamekwisha kutana navyo katika Mathayo 23:5 kwa jina la hirizi, mahali ambapo Yesu anawasema wale wanaovipanua ili watu wawaone.

Shali ni pembe zake

Mtu anayeitazama taliti kwa mara ya kwanza huangalia kitambaa, ile michirizi, na pengine utepe wa fedha uliotariziwa shingoni. Kisheria hivyo vyote ni mapambo. Kinachoifanya taliti kuwa taliti ni vishada vinne vya nyuzi vinavyoning'inia kwenye pembe zake nne. Hesabu 15 na Kumbukumbu la Torati 22:12 zinaamuru vishada viwekwe kwenye pembe za nguo, ili mtu akiviona azikumbuke amri zote.

Amri hii inaishika nguo kabla ya kumshika mtu. Ukivaa nguo yenye pembe nne, itie vishada. Usipovaa nguo ya namna hiyo, hudaiwi kitu. Zamani watu walijitanda vitambaa vipana, kwa hiyo amri ilitekelezeka yenyewe kila siku. Shati na koti vya leo havina pembe nne, na Myahudi angeweza kuishi maisha yake yote bila kugusa amri hii. (Akijitanda shuka pana ya pembe nne kama vazi, swali la vishada litamjia palepale.) Ndiyo maana Wayahudi wanaoshika sheria hujitengenezea nguo ya pembe nne kwa makusudi. Ipo ndogo, kama fulana isiyo na mikono iliyo wazi ubavuni, ambayo wanaume huvaa chini ya shati kutwa nzima. Ipo kubwa, ambayo ndiyo shali ya sala ya asubuhi.

Kishada hutengenezwa hivi. Kwenye kila pembe hutobolewa tundu, nyuzi nne zikapitishwa na kukunjwa katikati, zikawa ncha nane. Uzi mmoja huwa mrefu kuliko wenzake, na huo ndio unaowazungukia wengine. Katika desturi iliyoenea kwa Waashkenazi hufungwa fundo maradufu, uzi mrefu ukazungushwa mara 7, fundo, mara 8, fundo, mara 11, fundo, mara 13, na fundo la tano. Jumla ni mizunguko 39. Kwa Kiebrania kila herufi ni tarakimu pia, na 39 ni jumla ya herufi za maneno "Bwana ni mmoja". Wasefaradi wengi huzungusha 10, 5, 6 na 5, ambazo ni tarakimu za herufi nne za jina la Mungu, moja baada ya nyingine.

Hesabu 15 inataka pia uzi wa samawi katika kila kishada. Rangi hiyo ilitokana na konokono wa baharini, na ujuzi wa kuitengeneza ulipotea kwa karne nyingi, hata vishada vyote vikawa vyeupe. Katika karne ya ishirini watafiti walipata namna ya kutoa rangi ya buluu kutoka kwa konokono mmoja wa Bahari ya Kati, na leo baadhi ya watu wamerudisha uzi huo. Wengi bado wanabaki na nyeupe, kwa hoja kwamba uzi mweupe pekee unatosha na kwamba hawana uhakika kuwa huyo ndiye konokono mwenyewe.

Kabla ya kujitanda, mwenye taliti hushika vishada na kuvitazama. Nyuzi hukatika, hasa zinaponaswa mlangoni au kwenye kiti. Ncha moja ikikatika, kishada bado ni halali, kwa sababu uzi ule una ncha ya pili upande mwingine. Taabu huanza ncha mbili zikikatika hadi shinani, maana huenda zote mbili ni za uzi mmoja, na basi kishada kimebaki na nyuzi tatu. Kwa sababu hiyo mfungaji makini hutenga ncha nne upande huu na nne upande ule tangu fundo la kwanza, asizichanganye mpaka mwisho. Siku nyuzi zikikatika, mtu ataweza kujua ni za uzi mmoja au mbili.

Akisharidhika, husimama, akaifungua shali na kusema: "Umehimidiwa, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uliyetutakasa kwa amri zako na kutuamuru kujifunika kwa vishada." Hapo huipitisha kichwani, akazikusanya pembe na kuzitupa juu ya bega la kushoto, na kubaki hivyo kwa muda mfupi, uso tu ukionekana. Kitendo hiki kinaitwa mjitando wa Waishmaeli, yaani Waarabu. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, ikizungumzia jinsi mfiwa anavyojifunika, inasema kujitanda kusikofanana na kwa Waishmaeli si kujitanda. Msafiri wa jangwani anayejikinga na mchanga ndiye aliyekuwa kipimo. Baada ya hapo shali huachiwa ishuke mabegani, pembe mbili mbele na mbili nyuma.

Kijana asiye na shali

Turudi kwa yule kijana wa miaka 25. Hana taliti kwa sababu hajaoa. Katika jumuiya nyingi za Waashkenazi wa Ulaya ya mashariki, mwanamume huanza kuvaa taliti kubwa siku za harusi yake, na mara nyingi ni familia ya bibi harusi inayomnunulia. Sababu inayotajwa sana inatoka kwa Rabi Yaakov Moelin wa Mainz, Ujerumani, aliyefariki mwaka 1427. Katika Kumbukumbu la Torati, mstari wa vishada ni 22:12, na mstari unaofuata, 22:13, unaanza kuzungumzia mtu aliyeoa mke. Vimewekwa jirani, basi vimeunganishwa.

Ukiniuliza, hoja hii inasikika kama maelezo yaliyokuja baada ya desturi kukwisha kuwapo. Hata wanazuoni wa Kiashkenazi wenyewe wameitilia shaka, kwa swali lililo wazi: kijana asiyeoa akae miaka mingi bila kutimiza amri ya vishada? Jibu lao ni ile nguo ndogo ya chini ya shati. Kijana anaivaa kila siku, kwa hiyo amri inatimia, na taliti kubwa inabaki kuwa alama ya mume wa mtu.

Wayahudi wa Kijerumani hawakuifuata desturi hii, ingawa Mainz iko kwao. Watoto wao huvaa taliti kubwa kabla ya ndoa. Wasefaradi wengi hufanya vivyo hivyo, wengine tangu utotoni, ndiyo maana yule mtoto wa miaka kumi amejifunika. Na kijana wa Kiashkenazi asiyeoa akiitwa kuongoza sala, katika sinagogi nyingi hupewa taliti kwa muda ule tu, kwa heshima ya jamaa anaowaongoza. Akimaliza huirudisha.

Kwa tefilini ndoa haina kazi. Mvulana huanza kuzivaa akitimiza miaka 13, umri anaowajibika kwa amri. Familia nyingi humwanzisha wiki kadhaa kabla, ajifunze kufunga mikanda bila kubabaika siku yenyewe.

Ndani ya kisanduku

Mahali panne katika Torati pameandikwa kwamba maneno haya yawe dalili mkononi na katikati ya macho: Kutoka 13:1-10, Kutoka 13:11-16, Kumbukumbu 6:4-9 na Kumbukumbu 11:13-21. Mapokeo ya marabi hayakuichukua amri hiyo kuwa mfano wa maneno. Waliandika vifungu hivyo vinne kwenye ngozi na kuvitia visandukuni.

Kisanduku cha mkono kina chumba kimoja, na vifungu vyote vinne vimo katika kipande kimoja cha ngozi kilichokunjwa. Kisanduku cha kichwa kina vyumba vinne, kila kifungu chumbani mwake, na nje kimeinuliwa herufi ya Kiebrania iitwayo shini: upande mmoja yenye vidole vitatu kama kawaida, upande wa pili yenye vinne. Visanduku lazima viwe vya mraba sawasawa na vyeusi. Hutengenezwa kwa ngozi ya mnyama aliye halali kuliwa, vikashonwa kwa kano za mnyama wa namna hiyo, mishono 12. Mikanda nayo ni ya ngozi, na upande wa nje lazima uwe mweusi. Rangi ikichakaa, hasa pale mkanda unapokazwa kila asubuhi, mwenyewe huipaka tena.

Gharama kubwa na hatari kubwa ziko katika maandishi. Mwandishi huandika kwa mkono, kwa kalamu ya unyoya au ya tete na wino mweusi, na kila herufi lazima izungukwe na ngozi tupu pande zote bila kugusana na jirani yake. Zaidi ya hayo, herufi za tefilini lazima ziandikwe kwa mpangilio wake, ya kwanza kabla ya pili. Tuseme mwandishi amefika mstari wa mwisho wa kifungu, akarudi kusoma, akagundua kwamba katika mstari wa tatu ameruka herufi yodi, ambayo ni ndogo kama koma. Katika gombo la Torati angeweza kuichomeka. Katika tefilini hawezi, kwa sababu yodi hiyo ingekuwa imeandikwa baada ya herufi zinazopaswa kuifuata. Njia pekee ni kufuta kila kitu kuanzia pale na kuandika upya, lakini ndani ya maneno hayo kuna jina la Mungu, nalo halifutwi. Kipande chote kimekwisha. Kinawekwa pamoja na maandishi matakatifu yaliyochakaa, kisubiri kuzikwa.

Kwa hiyo seti halali hugharimu mamia ya dola za Kimarekani, na seti inayouzwa kwa bei ya chee inapaswa kumtia mnunuzi wasiwasi. Kwa nje haiwezekani kujua. Kisanduku kizuri kinaweza kuficha ngozi iliyochapwa kwa mashine au herufi zilizopasuka. Mkaguzi hufungua mishono na kusoma. Siku hizi vipande hupigwa picha, kompyuta ikatafuta herufi iliyorukwa au kurudiwa, kisha mtu hupitia kwa macho maana kuna makosa ya umbo ambayo bado yanahitaji mtaalamu. Tefilini iliyoanguka majini au kuachwa ndani ya gari lililofungwa juani hupelekwa kukaguliwa bila kungoja.

Hata mpangilio wa vifungu umezua mgogoro maarufu. Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, alivipanga kwa mfuatano wa Torati. Mjukuu wake, Rabenu Tam, aliyefariki mwaka 1171, alisema viwili vya mwisho vibadilishane nafasi. Dunia nzima ya Kiyahudi inafuata mpangilio wa Rashi, lakini baadhi ya wacha Mungu hawataki kubahatisha. Karibu na mwisho wa sala huvua seti ya Rashi na kuvaa ya Rabenu Tam, safari hii bila kusema baraka, kwa kuwa baraka haisemwi juu ya jambo la shaka.

Hatua kwa hatua

Tumchukue mwanamume aliyeoa, wa Kiashkenazi, anayetumia mkono wa kulia, siku ya Jumanne. Taliti inatangulia, kwa kanuni kwamba amri inayorudi mara nyingi huitangulia ile inayorudi mara chache, na taliti huvaliwa hata Sabato. Lakini ipo kanuni nyingine: amri iliyokujia mkononi usiipite. Akifungua mfuko na mkono wake ukashika tefilini kwanza, amejitia katika mgongano wa kanuni mbili. Watu wenye uzoefu huepuka kwa kupanga mfuko: taliti juu au mbele, tefilini chini yake.

Akishajitanda, hukunja mkono wa shati wa kushoto na kuvua saa. Tefilini hufungwa kwenye mkono dhaifu, kwa hiyo mtu wa mashoto huifunga mkono wa kulia, na seti yake hupangwa tofauti ili fundo likae upande wa moyo. Kisanduku huwekwa kwenye uvimbe wa msuli, juu ya ngozi tupu, kikiinamia kifua kidogo. Hapo, kikiwa kimewekwa lakini hakijakazwa, husema baraka ya "kuvaa tefilini". Baraka hutangulia kitendo, na kitendo hapa ni kukaza. Baada ya kukaza, huzungusha mkanda mara saba kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Waashkenazi wengi huuzungusha kuelekea ndani; Wasefaradi na wengi wa Wahasidi, kundi la wacha Mungu lililozuka Ulaya ya mashariki, huuzungusha kuelekea nje. Ukimwona mtu akizungusha unaweza kubahatisha asili ya babu yake.

Sasa haruhusiwi kusema neno. Kati ya tefilini ya mkono na ya kichwa hakuna salamu, hakuna kumjibu mtoto, hakuna simu. Talmudi inahesabu kuzungumza hapo kuwa dhambi inayoweza kumfanya mtu arudishwe kutoka safu za vita. Akinyamaza, huweka kisanduku cha kichwa na kusema baraka ya pili, "amri ya tefilini". Mara baada yake hunong'ona "Lihimidiwe jina la utukufu wa ufalme wake milele na milele". Sentensi hiyo imo kwa sababu ya mashaka: Wasefaradi wanaona baraka moja inatosha kwa visanduku vyote viwili, na ikiwa wao ndio wenye haki, Mwashkenazi amelitaja jina la Mungu bure. Sifa hiyo inaziba ufa.

Kisanduku cha kichwa ndicho kinachokosewa zaidi. Torati inasema katikati ya macho, na mtu asiyejua hukiteremsha hadi pajini. Marabi walifafanua kwamba mahali penyewe ni juu ya mstari wa nywele, pale utosi wa mtoto mchanga unapokuwa laini, ila kisanduku kilingane na katikati ya macho. Ukingo wake wa chini usivuke mahali nywele zinapoota, na kwa mwenye kipara huhesabiwa pale zilipoota zamani. Kosa hili hutokea polepole: mkanda wa kichwa hulegea kwa miaka, kisanduku kikashuka, na mwenyewe haoni maana kiko juu ya macho yake. Katika sinagogi nyingi kuna kioo kidogo ukutani kwa ajili hiyo. Fundo la nyuma linapaswa kukaa kwenye kisogo, chini ya mfupa, na mikanda miwili inaning'inia mbele, upande mweusi nje.

Ndipo anaurudia mkono. Mkanda uliobaki kiganjani huzungushwa mara tatu kwenye kidole cha kati, akisema maneno ya nabii Hosea: "Nami nitakuposa uwe wangu kwa milele." Mkanda umekuwa pete ya posa. Ni kwa sababu hii, nadhani, hata watu walioacha sehemu kubwa ya dini hukumbuka kidole hicho kuliko hatua nyingine zote.

Wakati wa sala mavazi haya hayakai tu mwilini. Anapokaribia Shema, yaani "Sikia, Ee Israeli", hukusanya vishada vinne katika mkono wa kushoto, na kila akifika neno vishada katika kifungu cha Hesabu huvibusu. Akisoma amri ya kufunga dalili mkononi hugusa kisanduku cha mkono, na akisoma katikati ya macho hugusa cha kichwa. Anavaa maneno anayoyasoma na kuyasoma maneno aliyoyavaa.

Kuvua ni kinyume. Kidole hufunguliwa kwanza, kisha kisanduku cha kichwa hutoka, na cha mkono mwisho. Marabi walisoma mstari wa "yatakuwa katikati ya macho" kama wingi, yaani wakati wowote kilicho kichwani kikiwapo, vyote viwili viwepo. Kichwa hakibaki peke yake hata kwa dakika. Taliti huwa ya mwisho kukunjwa.

Saa na siku

Zamani wapo waliovaa tefilini kutwa. Leo huvaliwa katika sala ya asubuhi tu, kwa sababu zinadai mwili safi na akili iliyotulia: mtu hasinzii nazo, haingii nazo chooni, wala hajambi akiwa nazo. Talmudi inamtaja Elisha, aliyekuwa kielelezo cha mwili safi. Warumi walipotangaza kwamba atakayevaa tefilini atatobolewa ubongo, yeye alizivaa akatoka sokoni. Askari alimfukuza, naye akazivua kichwani na kuzificha kiganjani. Alipoulizwa ameshika nini, akajibu: mabawa ya njiwa. Akafungua kiganja, na yalikuwa mabawa ya njiwa. Tangu hapo akaitwa Elisha wa mabawa.

Usiku hazivaliwi. Asubuhi muda wake huanza pale nuru inapotosha kumtambua mtu unayemfahamu kidogo akiwa umbali wa dhiraa nne, karibu mita mbili. Mjini London hilo ni tatizo la kweli, maana mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi, na mfanyakazi anatakiwa awe njiani mapema. Kwa jumuiya ndogo ya sinagogi ya Nairobi, pale University Way, saa haibadiliki sana mwaka mzima, kwa kuwa karibu na ikweta jua huchomoza saa kumi na mbili na dakika kadhaa, mwezi wowote ule.

Sabato na sikukuu kuu tefilini hubaki mfukoni, na hili ndilo linaloeleza ile Jumamosi. Tefilini zinaitwa dalili, na Sabato nayo inaitwa dalili kati ya Mungu na Israeli. Siku ambayo yenyewe ni dalili haihitaji nyingine juu yake. Vishada havikuitwa hivyo, basi taliti inaendelea. Ipo siku moja ya kazi inayopindua utaratibu: tarehe tisa ya mwezi wa Av, siku ya kufunga kwa kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu. Katika jumuiya nyingi asubuhi watu husali bila taliti kubwa wala tefilini, kama wafiwa, na huzivaa vyote alasiri.

Na wanawake?

Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaufafanua, inawaondolea wanawake wajibu wa tefilini, na kanuni ya jumla huwaondolea amri nyingi zinazofungwa na saa. Vishada, vinavyohusu mchana, viliingia humo pia. Lakini kuondolewa wajibu si kukatazwa. Talmudi yenyewe inasema Mikali binti Sauli alivaa tefilini na wenye hekima hawakumzuia. Rabenu Tam, yuleyule wa mpangilio wa vifungu, alishikilia kwamba mwanamke anayetimiza amri asiyodaiwa anaweza hata kuisemea baraka.

Mlango ulifungwa baadaye. Katika karne ya 16 Rabi Moshe Iserles wa Krakov, ambaye Waashkenazi humfuata, aliandika kwamba mwanamke akitaka kuvaa tefilini azuiwe. Hoja iliyotolewa ni usafi wa mwili: hata wanaume wamezipunguza hadi muda wa sala ya asubuhi tu, kwa hiyo asiyedaiwa asijiingize. Kuhusu taliti alisema inaruhusiwa, ila inafanana na kujionyesha. Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria ya zamani kwa ukali, wengi wamebaki hapo. Mwaka 2014 sekondari moja ya Kiorthodoksi mjini New York iliwaruhusu wasichana wawili kusali na tefilini, na mabishano yakawaka kwa miezi. Mwaka huohuo kamati ya sheria ya marabi wa Konservativu, tapo linaloshika sheria lakini likiruhusu mabadiliko, ilipitisha maoni kwamba wanawake wanadaiwa amri hizi sawasawa na wanaume. Jerusalemu, kundi la wanawake wanaosali Ukuta wa Magharibi tangu 1988 wakiwa na taliti lilikamatwa na polisi mara kadhaa, hadi mahakama ya wilaya iliposema mwaka 2013 kwamba hawavunji sheria.

Mgawanyiko huo umefika hata Uganda. Waabayudaya wa karibu na Mbale, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wengi wao wako upande wa Konservativu chini ya Rabi Gershom Sizomu, aliyewekwa wakfu Los Angeles mwaka 2008. Kule wanawake na wanaume huhesabiwa sawa katika sala. Kijiji cha Putti, katika eneo hilohilo, kiliamua kufuata Uorthodoksi, na kwao sheria inayosomwa ni ile ya Iserles na ya mwanasheria wa Kisefaradi Yosef Karo: tefilini ni za wanaume.